Kibanda cha Kurekodia cha Blanketi na Stendi Ndani ya Nyumba Yenye Kelele: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Je, blanketi zitazuia kelele za nje zisiingie kwenye rekodi?

Kwa kiasi kidogo sana. Naliweka hili mwanzo kwa sababu ndilo linalowavunja moyo wengi. Mtu ananunua blanketi nane, anazitundika, anajifungia ndani, anabonyeza kitufe cha kurekodi, na honi ya barabarani inasikika vilevile.

Kuzuia sauti isipite ni kazi ya uzito na kuziba. Ukuta wa matofali huzuia kwa sababu ni mzito na hauna upenyo. Blanketi ni jepesi, lina vinyweleo, na hewa hupita ndani yake. Panapopita hewa, sauti nayo hupita. Hata ukiongeza uzito wa kizuizi mara mbili, unachopata kwa makadirio ni nafuu ya desibeli 6 hivi, na blanketi linaanzia mbali mno na uzito wa ukuta. Ngurumo za chini, kama injini ya lori, jenereta la jirani au muziki wa besi, hulipita kana kwamba halipo. Linachopunguza kidogo ni sauti kali za juu: mlio wa vijiko, ndege, ncha za maneno ya watu wanaozungumza chumba cha pili.

Kazi halisi ya blanketi ni nyingine. Linameza sauti yako mwenyewe isigonge ukuta na kurudi kwenye maiki. Linaua mwangwi. Kelele zinapigwa vita kwa njia tofauti: mahali unapokiweka kibanda, umbali wa mdomo na maiki, na upande ambao maiki imeupa mgongo. Ukizitenganisha kazi hizi mbili kichwani, hutapoteza pesa wala muda.

Kama hazizuii kelele, kwa nini nijisumbue nazo?

Kwa sababu mwangwi ukishaingia kwenye rekodi hautoki vizuri. Mvumo wa friji umetulia tu, haubadiliki, kwa hiyo programu inaweza kuutambua na kuupunguza. Mwangwi ni sauti yako ileile iliyochelewa kidogo na kujilaza juu ya neno linalofuata. Ukijaribu kuung'oa, unang'oa na nyama ya sauti.

Tena mwangwi hujificha. Ukisikiliza rekodi ghafi unaweza kuuona mdogo. Kisha unaipandisha sauti ifikie kiwango cha kazi, unaibana ili maneno madogo yasikike sawa na makubwa, na ule mkia uliokuwa umelala nyuma ya kila neno unapanda pamoja nayo. Hapo ndipo msikilizaji anapojua kuwa ulikuwa sebuleni.

Nikiweke wapi ndani ya nyumba?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote, na watu hulijibu kwa kuangalia penye nafasi. Mimi nilifanya hivyo. Kibanda changu cha kwanza nilikijenga sebuleni kwa sababu ndiko kulikokuwa na eneo. Mwangwi ulikwisha kabisa, nikafurahi, nikarekodi sura mbili za kitabu cha sauti, zikarudishwa. Tatizo lilikuwa friji. Lilikuwa upande wa pili wa ukuta, na ukuta huo ulikuwa umegusana na mgongo wa kibanda. Nilikuwa nimezoea mvumo wake hadi sikio langu halikuusikia tena.

Kwa hiyo kabla ya kutundika hata blanketi moja, fanya hivi. Chukua maiki yako, kompyuta na vipokea sauti vya masikioni. Weka kiwango cha kupokea sauti mahali pamoja na usikiguse tena hadi umalize. Nenda chumba baada ya chumba, simama pale ambapo kibanda kingeweza kukaa, rekodi sekunde 30 za ukimya, kisha soma sentensi moja ileile kwa umbali uleule. Fanya hivyo saa ambayo kwa kawaida utakuwa kazini. Usifanye usiku wa manane kama kazi utaifanya saa nne asubuhi.

Utagundua mambo usiyoyatarajia. Chumba kidogo chenye kitanda, godoro na nguo nyingi mara nyingi hushinda chumba kikubwa kizuri, kwa sababu vitu laini vimeshaanza kazi. Kona iliyo mbali na dirisha hushinda katikati ya chumba. Korido ya ndani isiyo na dirisha inaweza kushinda vyumba vyote kwa kelele za nje, lakini kuta zake mbili zinazotazamana kwa karibu hupeana sauti kama mpira, kwa hiyo huko utahitaji blanketi nene pande zote mbili ndefu. Mimi ningevumilia mwangwi wa korido, maana blanketi litautibu, kuliko kuvumilia dirisha la barabarani, ambalo halitatibika.

Blanketi za aina gani zinafaa?

Nzito, nene, zenye manyoya au pamba iliyoshonewa ndani. Zile zinazotumika kufungia fanicha wakati wa kuhama nyumba ni nzuri, kwa kuwa zimeshonwa kwa tabaka na zinastahimili kukunjwa na kukunjuliwa. Mfarishi mnene au duveti pia hufaa, pengine zaidi, kwa sababu ya unene wake. Shuka, kanga na pazia jepesi hazifai. Zitakupa faragha tu.

Kipimo cha mkononi ni hiki: weka blanketi mdomoni upulize. Pumzi ikipita bila shida yoyote, hilo ni jepesi mno. Isipopita kabisa, kama turubai au plastiki, sauti haitaingia ndani kumezwa bali itagonga uso wake na kurudi. Unataka pumzi ipite kwa kusukumwa.

Sponji zile zenye vinundu kama trei ya mayai sizipendekezi kwa kazi hii. Nyingi ni nyembamba, na hukata sauti za juu peke yake. Na trei zenyewe za mayai, zile za karatasi ngumu, hazina msaada wowote wa maana.

Fremu naijenga vipi, na inahitaji nini?

Nitaeleza ile niliyonayo, kisha wewe ubadilishe vipimo kulingana na chumba chako.

Ina stendi nne za aina inayotumiwa na wapiga picha kushikilia taa, zinazorefuka hadi sentimita 200 au zaidi. Juu yake kuna mabomba manne ya plastiki: mawili ya sentimita 150 na mawili ya sentimita 120. Ukiyaunganisha unapata mstatili unaokutosha kusimama au kukaa na kiti, na stendi ya maiki mbele yako. Usishuke chini ya hapo kama una nafasi. Kibanda kidogo kina ugonjwa wake, na nitaueleza mbele.

Mzunguko wa mstatili huo ni sentimita 540. Blanketi zangu zina upana wa sentimita 180 na urefu wa 220. Kwa hesabu ya haraka matatu yangetosha, maana 180 mara tatu ni 540, lakini hapo kingo zingegusana tu na kila mguso ungeacha mwanya. Kwa hiyo kila tabaka lina blanketi nne, na zile sentimita 180 zinazozidi zinagawanywa kwenye kona nne ili kila blanketi lipande juu ya mwenzake. Urefu wa 220 kwenye fremu ya 200 unaacha sentimita 20 zikilala sakafuni, na hizo zinafunga mwanya wa chini. Tabaka mbili ni blanketi nane, na la tisa ni paa.

Sasa jambo ambalo wengi hulikosa: usiyabandike tabaka mawili pamoja. Acha hewa katikati yao. Sauti inapokaribia kizuizi kigumu, hewa husogea kidogo sana pale penyewe kwenye ukuta, na husogea zaidi ukirudi nyuma. Blanketi humeza sauti kwa kusugua hewa inayotembea. Likiwa limegandamana na ukuta, linasugua hewa iliyosimama. Likisogezwa mbele sentimita 10, linafanya kazi kwenye sauti za chini ambazo awali lisingezigusa. Ni blanketi lilelile, kwa bei ileile, likifanya kazi zaidi.

Mimi nafanya hivi. Nachukua mataulo makuukuu, nayaviringisha hadi yawe na unene wa sentimita 10 hivi, nayafunga kwa kamba upande wa nje wa bomba, moja kila baada ya nusu mita. Tabaka la ndani nalining'iniza upande wa ndani wa bomba kwa vibanio vya springi. Tabaka la nje nalipitisha juu ya mataulo, hivyo linaning'inia likiwa limejitenga. Upande mmoja nauacha bila vibanio kwenye kona moja ili uwe mlango.

Kuhusu uzito, pima blanketi zako kabla. Zangu ni kama kilo mbili na nusu kila moja, kwa hiyo tisa ni zaidi ya kilo 22, na kila stendi inabeba kati ya kilo tano na sita. Stendi nyembamba kabisa zitapinda. Soma uzito unaoruhusiwa kabla ya kununua. Kisha panua miguu hadi mwisho na weka mfuko wa mchanga juu ya mguu wa kila stendi, kwa sababu uzito wote uko juu na mtoto akipita akivuta blanketi, kitu kizima kitamwangukia.

Maiki nayo ikae wapi ndani ya kibanda?

Karibu kila picha ya kibanda cha nyumbani inaonyesha sponji imewekwa nyuma ya maiki. Fikiri kidogo kuhusu hilo. Maiki nyingi za kazi hii zina umbo la kupokea linaloitwa kadioidi: zinasikia vizuri mbele, zinasikia kiasi pembeni, na nyuma zinasikia kidogo sana. Mbele ya maiki kuna nini? Kuna uso wako, na nyuma ya kichwa chako kuna ukuta. Basi sehemu ambayo maiki inaiangalia kwa macho makavu ni ukuta ulio mgongoni mwako. Hapo ndipo blanketi lako nene kuliko yote linapotakiwa kuwa.

Ukiwa na blanketi mbili tu duniani, ziweke mgongoni kwako zikizunguka mabega kama herufi U, na maiki iangalie ndani ya U hiyo. La tatu liwe juu ya kichwa, hasa kama dari ni ya chini na ngumu. Zulia au blanketi la kukanyaga ni la nne. Upande ulio nyuma ya maiki unakuja mwisho.

Tabia hiyohiyo ya maiki ndiyo silaha yako dhidi ya kelele. Tafuta kelele inakotoka, kisha uipe maiki mgongo upande huo. Kama dirisha liko kaskazini mwa chumba, mgongo wa maiki uelekee kaskazini, na wewe uwe umelitazama dirisha. Watu wengi husimama wakilipa dirisha mgongo wao wenyewe, wakidhani mwili utakinga. Wanachofanya ni kuielekeza maiki dirishani.

Umbali sasa. Kutoka mdomoni hadi kwenye maiki weka sentimita 15 hadi 20, sawa na shubiri moja ya mkono uliotanuka. Ukipunguza umbali kwa nusu, sauti yako inapanda kwa takriban desibeli 6 huku kelele ya chumba ikibaki ilipokuwa. Hakuna blanketi litakalokupa desibeli 6 kirahisi hivyo. Ukiisogelea maiki karibu zaidi ya hapo, besi ya sauti huvimba na herufi P na B zinapiga maiki kama kofi, ndiyo maana hatumezi maiki. Weka kichujio cha pumzi, na uisogeze maiki pembeni kidogo ya mdomo ili pumzi ipite kando.

Mbona nikishajenga sauti inatoka kama nimo ndani ya pipa?

Huo ndio ugonjwa wa kibanda kidogo. Sauti haijawa safi, imekuwa nzito ya kifua na isiyo na hewa, kama mtu anayezungumza akiwa amejifunika shuka.

Chanzo chake ni urefu wa mawimbi. Wimbi la sauti ya hezi 1000 lina urefu wa sentimita 34 hivi, na robo yake ni kama sentimita nane na nusu. Kizuizi laini chenye kina hicho, kikiwa blanketi pamoja na mwanya wa hewa nyuma yake, kinaweza kulimeza vizuri. Wimbi la hezi 200 lina urefu wa karibu mita 1.7, na robo yake ni zaidi ya sentimita 40. Hakuna anayetundika blanketi lenye kina cha sentimita 40. Kwa hiyo blanketi zinakula sauti zote za juu na kuziacha za chini zikizunguka, na mizani ya sauti inaelemea chini. Ukiongeza blanketi jingine jembamba unazidisha ugonjwa, kwa sababu unakula tena kilekile kilichokwisha kuliwa.

Dawa ni kina na nafasi. Sogeza kibanda kizima mbali na ukuta wa chumba, hata nusu mita. Panua fremu kama inawezekana. Usisimame katikati kabisa, sogea kidogo upande mmoja na mbele. Simamisha godoro nyuma ya blanketi la mgongoni. Hiyo ya godoro ndiyo iliyonisaidia kuliko yote. Ukibaki na uzito fulani, shusha desibeli mbili au tatu kati ya hezi 200 na 350 kwenye programu, lakini sikiliza kwa makini, kwa kuwa humo ndimo pia ulimo utu wa sauti ya mwanamume.

Karatasi ya kusomea naiweka juu ya nini?

Jihadhari na stendi ya bati au ubao mpana ulionyooka chini ya maiki. Sauti inagonga pale na kufika kwenye maiki ikiwa imechelewa kidogo tu, na inachanganyika na ile iliyofika moja kwa moja. Utasikia ukavu fulani, kama sauti inayopita kwenye bomba, na ukitikisa kichwa unabadilika. Watu hulaumu blanketi kwa kosa la stendi. Tandika taulo juu yake, ilaze kwa pembe ili isitazamane na maiki, na iweke pembeni badala ya katikati. Mimi nasomea kwenye kishikwambi kidogo kilichobanwa kwenye fremu, hivyo hata kelele ya kugeuza kurasa imekwisha.

Nitajuaje kwa hakika kwamba kimefanya kazi?

Usitegemee kupiga makofi peke yake. Makofi yanakuonyesha mwangwi wa sauti za juu, ambazo blanketi yoyote inaziweza. Sema "pa", "ta", "ka", kisha "du" kwa sauti nzito ya kifuani, urekodi, na usikilize mkia wa kila moja kwa vipokea sauti vya masikioni. "Pa" ikikatika safi lakini "du" ikavuma, unarudi kwenye swali la pipa.

Kwa kelele, pima tofauti kati ya usomaji na ukimya. Kwenye programu ya Audacity, teua sekunde kadhaa za usomaji, fungua `Analyze > Contrast...` na ubonyeze `Measure selection` kwenye mstari wa `Foreground`. Kisha teua ukimya, ubonyeze hiyohiyo kwenye mstari wa `Background`. Unachotaka ni tofauti ya namba hizo mbili. Usidanganywe na namba ya ukimya ikiwa peke yake, maana ukishusha kiwango cha kupokea sauti ukimya utaonekana mzuri sana, kisha utakapopandisha usomaji, kelele nayo itapanda hatua kwa hatua pamoja nao.

Tofauti inatakiwa iwe ngapi? Jukwaa la vitabu vya sauti la ACX, kwa mfano, linataka wastani wa usomaji uwe kati ya desibeli -23 na -18, kilele kisizidi -3, na ukimya usizidi -60. Mtu anayesoma kwa wastani wa -20 anahitaji basi tofauti ya 40. Ni kipimo kizuri hata kwa kazi nyingine.

Hivi ndivyo nilivyofika huko baada ya zile sura mbili kurudishwa. Sebuleni, maiki ikiwa sentimita 40 kutoka mdomoni, bila blanketi, tofauti ilikuwa 23. Nikasogea hadi sentimita 20: ikawa 29. Nikahamia chumba cha kulala cha nyuma, mbali na friji na barabara: 36. Nikasimamisha kibanda chote, blanketi tisa: 39. Angalia hapo, blanketi zilinipa 3 tu kwenye kelele, ingawa kwenye mwangwi zilileta mabadiliko ambayo hata mtu asiye na ujuzi angeyasikia. Mwisho nikageuza mgongo wa maiki uelekee dirishani, nikaitoa kompyuta nje ya kibanda kwa waya mrefu, na nikakata ngurumo zilizo chini ya hezi 80 kwenye programu: 43. Kazi ikapokelewa.

Chumba chako kitatoa namba nyingine. Mpangilio wa hatua ndio ninaouamini, maana hatua mbili za mwanzo na ile ya kugeuza maiki hazina gharama.

Nichukue maiki ya kondensa au dainamiki?

Watu husema dainamiki haisikii kelele. Inasikia, ila watu huitumia kwa karibu zaidi, na ukaribu ndio unaoondoa kelele. Kondensa ukiiweka kwa umbali uleule itakupa uwiano unaokaribiana sana, na sauti za juu zilizo wazi zaidi. Tumia uliyonayo. Badilisha maiki baada ya kumaliza kubadilisha chumba.

Joto ndani ni kali. Nifanye nini?

Ni kweli, na si jambo la kuvumilia tu. Blanketi zinazomeza sauti zinashika na joto. Mimi narekodi kwa dakika 20, natoka, nafunua paa na mlango kwa dakika tano. Feni nawasha wakati huo wa mapumziko, ikipuliza ndani, kisha nazima. Ukianza kusoma kwa uvivu na kuruka maneno, usijilazimishe, toka nje. Sauti ya mtu aliyechoka kwa joto inasikika, na utairudia kazi.

Taa iwe ya ledi, ndogo, ya betri, na isivume. Isikilize kwa kuisogeza karibu na maiki kabla ya kuizoea, kwa sababu baadhi zina mlio mwembamba wa juu. Balbu inayopata moto, mshumaa au kibatari visiingie kabisa humo. Umezungukwa na nguo pande zote na paa.

Kuna watoto, friji, jogoo na jirani mwenye redio. Hayo nayo?

Friji lina mzunguko: linavuma, linanyamaza, linavuma. Lipime siku moja kwa saa, ujue linanyamaza kwa dakika ngapi, urekodi humo. Wengine hulizima. Ukilizima, weka funguo zako za nyumba ndani yake, ili usiweze kuondoka bila kuliwasha tena.

Kelele za ghafla, kama mlango, jogoo au mtoto anayelia, hazitibiki kwa kibanda. Dawa yake ni kusimama, kungoja, na kurudia sentensi nzima tangu mwanzo wake. Usirudie neno moja lililoharibika, kwa sababu mwendo wa sauti hautaungana. Piga kofi moja mbele ya maiki kabla ya kurudia. Kofi linaonekana kwenye mchoro wa sauti kama mwiba mrefu, na wakati wa kuhariri unaruka moja kwa moja hadi hapo.

Na watu wa nyumbani waambie saa kamili. "Nakuja kurekodi, nyamazeni" haina mwisho, na watu huchoka nayo. "Kuanzia saa nne hadi saa nne na dakika ishirini" inaheshimika.

Mvumo uliobaki naweza kuuondoa kwa programu?

Kidogo, ndiyo. Kila unapoanza, rekodi sekunde 10 za ukimya ukiwa umesimama palepale bila kusogea. Kwenye Audacity teua ukimya huo, fungua `Noise Reduction`, bonyeza `Get Noise Profile`, kisha teua rekodi nzima, fungua `Noise Reduction` tena na upunguze desibeli 6, isizidi 10. Ukizidisha, herufi S na F zinaanza kutoa milio kama maji yanayobubujika na mwisho wa maneno unaliwa. Ukijikuta unahitaji 20, ondoka kwenye kompyuta urudi kwenye swali la mahali pa kuweka kibanda.

Kinachukua muda gani kukisimamisha na kukikunja, na nikihifadhije?

Mara ya kwanza kilinichukua karibu saa nzima. Sasa ni dakika 15 kukisimamisha na 10 kukikunja. Kilichosaidia ni alama: nimeshona uzi mwekundu kwenye kona ya juu kushoto ya kila blanketi, na nimebandika vipande vya utepe sakafuni mahali pa miguu ya stendi, pa maiki na pa visigino vyangu. Utepe huo una faida kubwa kuliko kuokoa muda. Mteja akitaka sentensi tatu zirekodiwe upya baada ya wiki mbili, kibanda kinarudi palepale, mdomo unarudi umbali uleule, na kiraka hakisikiki.

Blanketi zianike kabla ya kuzikunja. Zimekunywa jasho na pumzi yako, na zikiwekwa kabatini na unyevu zitapata ukungu, na ukungu huo utauvuta kwa kifua kilekile unachokitegemea kwa kazi. Mabomba yafunge pamoja kwa kamba mbili, stendi zilale ndani ya blanketi moja, na vibanio viwe kwenye mfuko wake, maana hivyo ndivyo vinavyopotea kwanza.

Nikiwa safarini bila fremu, naweza kufanya nini?

Chukua blanketi mbili na vibanio sita. Fungua milango miwili ya kabati lenye nguo zilizotundikwa, simama ukilipa kabati mgongo, nguo zikiwa nyuma ya mabega yako. Tupia blanketi moja juu ya milango miwili liwe paa, na la pili likunje mara mbili ulitandike juu ya meza au kiti unachowekea maiki. Maiki ikutazame wewe na nguo zilizo nyuma yako, kwa umbali uleule wa shubiri moja.